Kufuli la Picha Tu

Katika kiwanda cha mafuta ya alizeti pale Kihonda, kama kuna kosa la usalama ambalo Hidaya hajawahi kulifanya, basi ni kwa sababu mashine ya kulifanyia bado haijaletwa nchini. Amewahi kuja kazini na ndala siku ya mvua, kwa hoja kwamba viatu vya kazi vitaloa. Amewahi kuanika kanga kwenye mlango wa dharura. Kizima moto cha ghalani alikigeuza kizuizi cha mlango kwa miezi mingi, na alipoulizwa akajibu kwamba kinafanya kazi nzuri kuliko walinzi wa getini, maana chenyewe hakilali. Ni mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mfupi, mwenye mabega ya mtu aliyekua akishusha mikungu ya ndizi kutoka Kinole, na mdomo wake haujawahi kuishiwa maneno.

Kwa hiyo Eva, ofisa rasilimali watu, alipotangaza kantini kwamba anatafuta mtu wa kuigiza mkosaji kwenye video ya usalama, hakuna aliyenyoosha mkono. Watu waligeuza shingo tu, wote upande mmoja, wakamtazama Hidaya. Naye akafuta mikono, akauliza kama mkosaji atapewa chai.

Eva alikuwa binti mdogo aliyemaliza chuo cha Mzumbe mwaka juzi, kwao Mbeya, na kazi ya usalama alikuwa ameongezewa juu ya kazi yake kama mtu anavyoachiwa mtoto wa jirani: mshike kidogo, narudi sasa hivi. Wakaguzi walikuwa wamepita wakauliza wafanyakazi wapya wanafundishwaje. Wakajibiwa kwamba wanaelekezwa. Wakaguzi wakauliza wanaelekezwa na nani, na aliyeitwa kujibu alikuwa Hidaya, ambaye alieleza bila kuona haya: huwa nawazungusha, nawaambia hapa usiguse, hapa guse ukiwa na akili, na choo ni kile pale. Ndipo meneja alipoagizwa atengeneze mafunzo ya watu wazima.

Eva akaandika skripti. Aliiandika vizuri, na jambo moja alilikazia kuliko yote: kila onyesho libebe kanuni moja, siyo mbili.

"Mgeni siku ya kwanza ana woga," alimweleza Hidaya. "Kiatu kipya kinambana, anawaza chakula cha mchana atakula na nani. Ukimmwagia kanuni tatu kwa mpigo anaondoka na sifuri. Tunamwonyesha kosa, tunamwonyesha njia sahihi, tunamwachia sentensi moja ya kwenda nayo. Halafu ndiyo tunaingia onyesho linalofuata."

"Na mimi ndiye kosa."

"Wewe ndiye kosa, dada Hidaya. Athumani ndiye njia sahihi."

Athumani ni fundi umeme wa kiwanda, mtu wa taratibu, anayekunja hata mfuko wa nailoni kabla ya kuutupa. Hidaya alimwangalia akacheka mpaka akashika ubavu.

Maonyesho yalikuwa saba. La kwanza, viatu na mavazi. La pili, mafuta yakimwagika sakafuni, mwaga unga wa mbao na ufagie papo hapo. La tatu, milango ya dharura isizibwe. La nne, kuinua gunia kwa magoti. La tano, mafuta yakiwaka usimwagie maji. La sita, toa taarifa ya ajali iliyotaka kutokea, usingoje itokee. La saba lilikuwa la kufuli.

Hapo kwenye kufuli naomba tusimame kidogo, maana ndipo ilipokuwa roho ya Hidaya.

Yeye anasimamia shimo la kupokelea mbegu. Malori yakifika kutoka Gairo na kule mbele Dodoma, viroba vinakatwa, alizeti inamwagwa shimoni, na chini yake kuna konveya: chuma kirefu kilichosokotwa kama parafujo, kinazunguka ndani ya mfereji wa bati na kuzisukuma mbegu kwenda kwenye chekecheke, halafu kwenye jiko, halafu kwenye mashine ya kukamulia. Adui wa chuma hicho ni nyuzi za viroba. Zinadondoka pamoja na mbegu, zinajizungusha, zinakaza, mbegu zinasimama, na mtu lazima afungue mfuniko aingize mkono hadi begani azikate kwa kisu. Swichi kuu iko ukutani, nyuma ya nguzo. Aliyeko kwenye swichi hamwoni aliyeko mferejini, na aliyeko mferejini hamwoni aliyeko kwenye swichi. Dawa ya kiwanda kwa miaka yote ilikuwa kuweka mtu asimame pale kwenye swichi, wanamwita mlinda swichi, azuie asije mtu akawasha.

Sasa mlinda swichi ni binadamu. Ana simu, ana kibofu, ana jamaa anayemdai stori. Mwaka juzi mlinda swichi aliondoka kwenda kupokea simu nje, mwingine akapita akaona konveya imezimwa, akaiwasha kwa nia njema kabisa, na Sufiani aliyekuwa na mkono ndani akapoteza vidole viwili. Hidaya ndiye aliyemfunga jeraha kwa kanga yake. Tangu siku hiyo utani wake ulikuwa mwingi zaidi, na wenye akili walielewa kwa nini.

Na Jumatatu iliyokuwa inakuja, aliyekuwa anaanza kazi kwenye shimo hilo hilo alikuwa Asia, mtoto wa dada yake. Kwa Waluguru mtoto wa dada ni wako, hamna mjadala wala mazungumzo ya mama mdogo sijui mama mkubwa. Tumbo ni lile lile. Hidaya mwenyewe ndiye aliyemwombea kazi. Dada yake alipomleta binti kutoka Kinole alisema neno moja tu, kwamba namkabidhi kwako na mikono yake yote miwili. Alisema kwa kucheka. Hidaya hakucheka.

Meneja, Bwana Fransisko, alisoma skripti akiwa anakula karanga, akaweka alama ya vema kwenye maonyesho sita, na la saba akalipiga mstari.

"Hili litoke," alisema. "Kila mtu na kufuli lake, na ufunguo wake? Mtu akaenda na ufunguo nyumbani tunafanyaje? Halafu tukilionyesha, wakaguzi watataka kuyaona hayo makufuli. Tunayo?"

"Hatuna," alisema Eva.

"Umeona? Tutakuwa tumejishitaki wenyewe. Mlinda swichi anatosha."

Eva alitoka ofisini macho yamemlegea. Hidaya alikuwa koridoni anafagia mahali palipokwisha kufagiliwa, kwa sababu sikio lake lilikuwa na kazi.

"Amelikata?" aliuliza.

"Amelikata."

"Usilie. Yule ni mtani wangu, niachie mimi."

Na kweli alikuwa mtani wake. Bwana Fransisko ni Mnyamwezi wa Tabora, na baina ya Wanyamwezi na Waluguru utani ni wa zamani kuliko reli. Humo kiwandani watu wote walimwogopa meneja, isipokuwa huyu mwanamke mmoja wa shimoni. Alimwita mpagazi mbele ya wageni. Akimkuta amebeba hata faili, alimuuliza mzigo huo anaupeleka pwani kwa ujira gani. Meneja naye alimjibu kwamba angalau kwao ardhi imelala, watu hawalimi wakiwa wamejifunga kamba kiunoni wasidondoke shambani. Na kwa kuwa utani ni utani, hakuna anayenuna. Mtani akinuna, ameshindwa, na atachekwa mpaka na mabua.

Basi Hidaya alibisha hodi akaingia.

"Mtani, nasikia umeogopa kufuli."

"Sijaogopa. Hatuna makufuli."

"Kwani video inajua kufuli la nani? Mimi nyumbani ninalo, kubwa, la chuma, la mlango wa uani. Nitakuja nalo. Tunafunga, tunapiga picha, tunafungua, narudi nalo kwangu. Wakaguzi wakiangalia wanaona kiwanda kina kufuli."

Meneja aliacha kutafuna. Unaweza kuona mtu anavyofurahia ujanja anaodhani ni wake.

"Kwa picha tu," alisema.

"Kwa picha tu. Halafu maneno ya onyesho hilo yasemwe na wewe mwenyewe. Athumani akisema, nani atamsikiliza? Sura ya bosi ndiyo inayoingia moyoni. Una ile suti ya kijivu."

Suti ya kijivu ilikuwepo. Onyesho la saba likarudi.

Mpiga picha alikuwa Abuu, kijana wa Mafiga, ambaye kwa ukweli wote kazi yake ni harusi. Alikuja na kamera, taa, na mazoea. Hidaya alipoingia akiwa na ndala kwa onyesho la kwanza, Abuu alimrudisha mlangoni mara mbili, akimwomba aingie taratibu, ageuze uso kushoto, atabasamu kidogo kama anamwona bwana harusi.

"Mimi ndiye kosa," Hidaya alimkumbusha.

"Hata kosa linapendeza likiingia taratibu, mama."

Kwenye onyesho la pili Hidaya aliteleza kwenye maji yaliyowekwa badala ya mafuta, akaanguka kwa ufundi mkubwa, akabaki chini akiusia mali zake, sufuria kwa fulani, kitanda kwa fulani, mpaka Eva akalazimika kusimamisha. Wosia, alisema, ni kanuni ya pili, na hapa tuna moja. Athumani akaingia kama njia sahihi, akamwaga unga wa mbao kwa uzito wa mtu anayemwaga udongo kaburini, akafagia, akaitazama kamera na kusema, "Ukiyaona, yafute," halafu akabaki anaitazama kamera kwa sababu hakuna aliyemwambia aache. Kwenye la tatu walipanga magunia kwenye mlango wa dharura ili kuonyesha kosa, na kusema kweli hawakuhitaji kuyapanga, yalikuwepo. Kwenye la nne Hidaya aliinua gunia kwa mgongo kama anavyoliinua kila siku, akaambiwa ameigiza vizuri sana.

Wakafika la saba. Konveya ilikuwa imesimamishwa kwa ajili ya usafi wa mchana, shimo likiwa tupu. Nje malori mawili kutoka Gairo yalikuwa yamekwisha kupanga foleni, madereva wakinywa soda kivulini. Bwana Fransisko alishuka na suti yake, kofia ngumu ya kiwanda kichwani, akanukia mpaka Abuu akasifu.

Kosa lilipigwa picha haraka: Hidaya anafungua mfuniko bila kufunga swichi, na Eva anasema kata, kabla mkono haujaingia, maana hata kwa kuigiza hakutaka mkono wa mtu mle ndani. Kisha ikaja njia sahihi, na safari hii Hidaya aliomba aifanye yeye, kwa kuwa kufuli ni lake. Alibonyeza kitufe chekundu. Akashusha mkono wa swichi kuu. Akapitisha kufuli lake la uani kwenye tundu la ule mkono, akalibana, likalia kwa mlio mzito. Akaning'iniza kibao chenye jina na picha yake. Akabonyeza kitufe cha kijani kuhakikisha: kimya, hakuna kilichozunguka. Akabonyeza tena chekundu. Ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga yake na pindo akalichomeka kiunoni. Alifanya yote hayo bila mzaha hata mmoja, na Eva akashangaa.

Meneja akasogea mbele. Eva aliinua karatasi yenye maneno makubwa, naye akasoma kwa sauti ya redio:

"Anayefunga ndiye anayefungua. Siyo fundi, siyo msimamizi. Hata mimi, meneja wa kiwanda hiki, sina ruhusa ya kuondoa kufuli la mtu mwingine."

"Safi sana, bosi," alisema Abuu. "Tabasamu."

Meneja akatabasamu, akalegeza tai. "Haya. Mtani, fungua tuanze kazi, magari yanasubiri."

Hidaya aliketi juu ya gunia, akanyoosha miguu.

"Nimekamata, mtani," alisema.

Wote waliokuwa pale waliielewa kauli hiyo. Mtani akikukamatia kitu chako, fimbo au mbuzi au hata jeneza la ndugu yako siku ya maziko, humnyang'anyi wala huendi polisi. Unakikomboa. Unauliza anataka nini, mnavutana, watu wanacheka, unatoa, anaachia. Ila hakuna aliyewahi kusikia mtani amekamata kiwanda.

"Acha masihara," alisema meneja.

"Masihara ndiyo haya nayafanya."

"Athumani, leta mkasi wa chuma ukate."

Athumani hakusogea. Alikohoa kwanza, kwa sababu ni mtu wa taratibu. "Bosi, umesema mwenyewe siyo fundi. Na Abuu bado anarekodi."

Abuu alikuwa anarekodi. Alidhani bado ni skripti, na alikuwa ameanza kuizunguka nguzo polepole kama anavyoizunguka keki.

Wafanyakazi wa jikoni na wa ghala walikwisha kukusanyika. Uso wa meneja ulipanda rangi, mdomo ukafunguka, na kwa kitambo kidogo Hidaya aliogopa kweli. Kazi yake ilikuwa pale mezani, na ya Asia kabla hata haijaanza. Mtu huyu alikuwa na uwezo wa kusema neno moja, na yeye akarudi Kinole kushusha ndizi. Lakini nyuma mtu mmoja alishaanza kicheko kile cha puani, cha kusubiri mtani anune. Bwana Fransisko alikisikia. Akaufunga mdomo, akavuta pumzi, akavua kofia ngumu.

"Unataka nini? Soda?"

"Soda ni ya hawa waliochoka kusimama."

"Mbuzi."

"Mbuzi wa Mnyamwezi atakuwa amechoka, ametembea toka Tabora na mzigo kichwani."

"Asali. Nitakuletea dumu la asali ya kwetu."

Hapo Hidaya aliyumba kidogo, maana asali ya Tabora si ya kudharau, na yeye si malaika. Akaitazama swichi. "Nataka makufuli. Kila anayeingiza mkono kwenye mashine, kufuli lake, kibao chake, ufunguo wake mmoja. Hakuna wa akiba ofisini kwako. Yakifika hapa nafungua."

Magari nje yakapiga honi. Meneja alimtazama Eva, Eva akaitazama karatasi yake kwa unyenyekevu mkubwa. Basi akatoka na suti yake ya kijivu, akapanda gari, akaenda mjini mwenyewe.

Alirudi baada ya muda na mfuko mdogo. Hidaya akalitoa kufuli la kwanza, akaliweka kiganjani. Lilikuwa la begi la safari.

"Mtani," alisema kwa upole, "hili linafungia nini, shajara?"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Bwana Fransisko naye, Mungu amweke, akacheka, kwanza kwa kulazimika, kisha kweli, akafuta macho kwa ncha ya tai. Akaondoka tena. Safari ya pili alirudi na sanduku lenye makufuli ya chuma, mazito, na kila aliyepewa lake aliliandika jina kwa rangi. Hidaya akafungua pindo, akalifungua kufuli la mlango wake wa uani kutoka kwenye swichi, na konveya ikaunguruma. Wanawake wa ghala walimpigia vigelegele. Alitembea wiki nzima akiwa amevimba kichwa, na hakuna aliyethubutu kumwambia apunguze.

Dumu la asali nalo lilikuja, mwisho wa mwezi. Hakulirudisha.

Asia alianza Jumatatu ile. Aliketi kantini na wenzake wapya, akaangalia video nzima, pamoja na maua yanayodondoka ambayo Abuu alishindwa kujizuia kuyaweka mwanzo wa kila onyesho. Waliokuwa pale wanasema alicheka sana mama yake mdogo alipousia sufuria, na kwamba lilipofika la kufuli aliacha kucheka akasogeza kiti mbele. Ni binti mkimya, mwenye mikono mirefu. Hidaya alimpa mkononi kufuli la peke yake, lenye jina la Asia lililoandikwa kwa rangi nyekundu, akamwambia hata nikikuomba mimi usinipe ufunguo. Asia akaitikia kwamba ndiyo, mama. Hidaya akatoka hapo ameridhika, akajiona amemaliza.

Sasa sikia kilichotokea msimu wa alizeti ulipochanganya.

Ilikuwa siku ya malori mengi. Hidaya alikuwa ameitwa getini kuamua ugomvi wa madereva wawili, kila mmoja akidai ametangulia, na aliwaamua kwa kuwatukana wote sawasawa. Wakati anarudi, mbio mbio, jasho likimtiririka, kichwani ana hesabu ya viroba na masikioni ana honi, akasikia kimya. Konveya imesimama. Shimo limejaa. Akakasirika jinsi tunavyokasirika tukiwa na haraka, bila kumkasirikia mtu fulani. Hakufikiri. Miaka kumi na kitu mkono wake umezoea njia moja: ukiona konveya imesimama na magari yapo, unapita nyuma ya nguzo, unapandisha swichi, unabonyeza kijani, unaendelea. Alipita nyuma ya nguzo. Akaushika mkono wa swichi, akausukuma juu kwa nguvu zake zote za Kinole.

Haukwenda. Akausukuma tena, akanung'unika, akainamisha macho kuona umekwama wapi.

Kufuli lilikuwa limeshika tunduni. Kibao kikamtazama, chenye picha ya Asia, ile ambayo Abuu alimpiga alipoanza kazi, akamwambia ageuze uso kushoto.

Hidaya aliachia mkono wa swichi. Alisikia upande wa pili wa nguzo sauti ya kisu kikikwangua nyuzi kwenye chuma, krr, krr, taratibu, na binti akiimba kwa kujisahau. Akakaa chini sakafuni pale pale, mgongo ukutani. Yeye, aliyekamata kiwanda kizima kwa ajili ya kufuli. Yeye, si mlinda swichi mwenye simu, wala si mpita njia asiyejua. Aliona aibu ambayo hajawahi kuiona kwenye makosa yake yote ya ndala na kanga, na juu ya aibu aliona shukrani, na hakujua ampelekee nani.

Kisu kikanyamaza. Mfuniko ukafungwa. Asia akaja kuzunguka nguzo akijipangusa vumbi la mbegu mikononi, mikono yote miwili, akamkuta mama yake mdogo amekaa sakafuni.

"Shikamoo mama. Mbona umekaa chini, unaumwa?"

"Marahaba. Siumwi."

"Nimemaliza, nyuzi zilikuwa nyingi." Akatoa ufunguo mfukoni, akafungua kufuli lake, akaondoa kibao, akasogea pembeni kwa heshima kumpisha mkubwa. "Haya, washa."

Hidaya aliitazama mikono ile mirefu, akatafuta mzaha wa kusema, na kwa mara ya kwanza tangu yeye na mdomo wake waajiriwe na kiwanda kile, mzaha haukupatikana.

"Washa wewe, mwanangu," alisema. "Mimi leo mkono wangu siuamini."